Kinyama kwenye nyuzi za sauti kimetolewa: nirudi lini kunadi dagaa?

Dalali_Mikindani

Wakuu, salaam. Mimi ni dalali wa samaki, hapa Mikindani na mara nyingine Feri kule Shangani. Kwa wasioijua kazi hii: mashua zikiingia alfajiri, ndoo za dagaa zinapangwa mchangani, mimi nasimama katikati ya wanunuzi nanadi bei juu ya injini, upepo na kelele za watu.

Mwaka jana sauti ilianza kukwaruza, ikafika mahali inakatika katikati ya neno. Nimekunywa dawa za kikohozi, antibiotiki na tangawizi mpaka nikachoka. Mwisho daktari wa masikio, pua na koo akapitisha kamera puani, akaona kinyama upande mmoja wa nyuzi za sauti. Nikaenda Dar, nikapigwa nusu kaputi, kikatolewa kupitia mdomoni bila kuchanjwa shingo. Chenyewe kimepelekwa maabara, majibu bado.

Sasa niko siku ya sita siongei. Karatasi niliyopewa inasema: usiongee siku 7, baada ya hapo ongea kidogo kidogo. Hiyo kidogo kidogo ndiyo siielewi. Ni maneno mangapi? Giza la mwezi linaanza wiki mbili zijazo, dagaa watamwagika, na kijana niliyemwachia kazi ameshaanza kuonekana yeye ndiye dalali. Kurudi kliniki ni mpaka nimalize wiki sita, na nauli ya Dar mnaijua.

Halafu mke wangu anasema ninong'one tu, maana kunong'ona si kuongea. Ni kweli? Na ulimi upande wa kushoto una ganzi, chai naisikia kama naramba msumari. Hii nayo ni kawaida?

Kungwi_wa_Chuno

Pole sana mwanangu. Mkeo kasema kweli, nong'ona, usijitese. Jifukize maji ya moto asubuhi na jioni, kunywa asali na tangawizi ilainishe hizo nyuzi, na usitoe sauti mpaka arobaini itimie. Kidonda hakina haraka. Hayo mambo ya siku saba ni ya kuwahi kazini, mwili hauyajui.

Boda_Ligula

Mkuu acha woga. Mimi nilitolewa nyama za pua, siku ya tatu niko barabarani na abiria nyuma. Damu ilitoka kidogo tu, ikakata yenyewe.

Mwl_Masasi

Boda, yeye ni koo, wewe ni pua. Soma uzi kwanza.

Dalali, pole kaka. Ila nina swali, kwa nini walikimbilia kukupasua? Mimi nafundisha darasa la pili, watoto wamejaa mpaka dirishani. Nilikutwa na vinundu, nikafundishwa mazoezi ya sauti, vikapungua bila kisu. Nilikuwa napuliza mrija kwenye chupa ya maji huku natoa sauti, "uuuu", maji yanachemka kwa mapovu. Anza hayo mazoezi leo leo, usisubiri.

Binti_Newala

Shikamooni wakubwa. Kwetu ni Newala ila niko Dar, na nimefanya kazi miaka mingi na wagonjwa wa koo, hasa wakishatoka chumba cha upasuaji. Karatasi ya daktari wako inatangulia haya ninayosema, maana yeye ndiye aliyekiona kidonda.

Mwalimu, vyako vilikuwa vinundu. Hivyo huota pande zote mbili, vikitazamana, kwa kusuguana kwa muda mrefu, na mara nyingi mazoezi huvitosha. Kinyama cha dalali kiko upande mmoja. Aghalabu huanza na mshipa mdogo wa damu kupasuka wakati wa kupiga kelele, ndipo panavimba na kuota. Vingine hupungua vyenyewe, lakini kilichokomaa mazoezi hayakiondoi. Ule mrija wako ni mzuri, tutaufikia, ila leo si siku yake. Kupuliza mrija kwa sauti ni kutoa sauti, na yeye bado yuko kwenye ukimya.

Dalali, usinong'one. Wengi wakinong'ona wanakaza koo lote juu ya nyuzi ili hewa isikike. Wapo wasiokaza, lakini wewe huwezi kujitazama ndani ujue uko kundi gani. Tumia simu, daftari na vidole. Kadi moja mfukoni yenye maneno "Nimefanyiwa upasuaji wa koo, siongei" itakusaidia kwa bodaboda na dukani.

Mama wa Chuno, mvuke sina ugomvi nao, mradi asiungue. Asali na tangawizi anywe akipenda utamu wake, lakini chakula na kinywaji hupita nyuma kwenda tumboni. Kikigusa nyuzi za sauti maana yake umepaliwa. Zinazozilainisha ni maji ya kutosha kutwa nzima na hewa isiyo na moshi.

Arobaini ndiyo siikubali. Ule uwazi wa juu wa kidonda huanza kufunikwa ngozi mpya ndani ya siku chache za mwanzo. Baada ya hapo kilicho chini kinahitaji kutikiswa taratibu ili kipone kikiwa laini. Goti lililochubuka ukilinyoosha mwezi mzima bila kulikunja, litapona likiwa gumu. Uzi wa sauti ukipona na kovu gumu hautetemeki vizuri, na hapo mtu anabaki na sauti ya kukwaruza ingawa kinyama hakipo.

Hata madaktari wenyewe hawajakubaliana siku ngapi. Wengi husema 7, wengine chini ya hapo. Upo utafiti wa Japani uliochapishwa 2017 uliolinganisha siku 3 na siku 7, na waliokaa kimya siku 3 walitoka na sauti nzuri zaidi. Lakini ukimya wao ulifuatiwa na mazoezi chini ya mtaalamu, hawakuachiwa wajionee. Wewe umeshafika ya sita, maliza saba.

Ulimi: lile bomba la chuma wanalopitisha mdomoni linaukandamiza muda wote wa upasuaji. Ganzi na ladha ya chuma hutokea, na kwa wengi huisha ndani ya wiki kadhaa.

Swali langu kwako: ndoo za dagaa nani anabeba?

Dalali_Mikindani

Dada, umenigusa. Nabeba mimi na vijana. Jana nimesaidia kushusha, sijasema neno hata moja.

Binti_Newala

Pumzika na hilo pia, angalau mpaka wiki mbili za upasuaji zitimie. Ukiinua kitu kizito unabana pumzi, na kinachobana ni hizo nyuzi zenyewe, zinagongana kwa nguvu pale penye kidonda. Ndoo ya lita ishirini iliyojaa si mchezo. Choo kigumu ni vivyo hivyo, kwa hiyo kula papai na unywe maji.

Kingine ni kule kusafisha koo, "ehem". Utakuwa unahisi makohozi hayatoki. Usikwangue. Meza mate au funda la maji, rudia, hisia itapita. Kikohozi cha kweli kikija huwezi kukizuia, kohoa taratibu, hewa nyingi bila kishindo.

Maumivu tumia parasetamoli. Aspirini usiiguse bila daktari, inarahisisha kuvuja damu. Na ukiona pumzi inakuwa nzito, unavuta hewa kwa mlio, unatema damu mbichi au una homa, usiandike hapa. Nenda hospitali muda huo huo, usiku au mchana.

Kungwi_wa_Chuno

Sawa binti yangu, la kunong'ona nimeliacha. La arobaini bado. Nimewaona watu.

Ustadh_Kilwa

Asalaam alaykum. Nina swali linalofanana. Ndugu yangu naye ni wa kimya kama huyu, anasoma Fatiha kwenye swala kwa kujisikia mwenyewe. Hiyo ni sauti au si sauti?

Binti_Newala

Waalaykum salaam Ustadh. Kwa upande wa koo, kama sikio lake linasikia chochote basi ama ananong'ona ama anatoa sauti, vyote havifai wiki hii. Kusogeza ulimi na midomo bila hewa kutoka hakuna madhara. Upande wa hukumu siyo wangu, amuulize shehe.

Ustadh_Kilwa

Mgonjwa ana ruhusa zake, hilo nalijua. Yeye ndiye mgumu kuelewa. Nitampeleka kwa sheikh wetu.

Dalali_Mikindani

Dada Binti, kesho kutwa naanza kuongea. Nipe hiyo kidogo kidogo kwa dakika, mimi ni mtu wa hesabu.

Binti_Newala

Haya. Kila hospitali ina mpangilio wake, huu ni wa namna tuliyokuwa tunawapa wenye kazi za kelele.

Siku ya 8 mpaka ya 10, dakika 5 ndani ya kila saa. Zilizobaki uko kimya. Usizihifadhi, yaani usikae kimya asubuhi nzima ili jioni uongee saa nzima barazani. Kidonda hakina benki. Sauti iwe ya kawaida, laini, ya kumwambia mtu aliyekaa umbali wa mkono mmoja akupe chumvi. Isiwe ya kunong'ona na isiwe ya kubana ukidhani unaihurumia. Itatoka nzito au yenye hewa, usiilazimishe iwe nzuri.

Hapo ndipo chupa ya Mwalimu inaingia. Maji nusu chupa, mrija uzame sentimeta mbili hivi, si mpaka chini. Toa "uuuu" laini mapovu yakitoka mfululizo, dakika mbili au tatu, mara nne au tano kwa siku. Maji yanarudisha msukumo kidogo, kwa hiyo nyuzi zinatetemeka bila kupigana. Mashavu yakiuma au shingo ikitoa mishipa, unapuliza kwa nguvu mno.

Siku ya 11 mpaka 14 panda mpaka dakika 10 kwa saa. Wiki ya tatu 15 mpaka 20, mtu mmoja mmoja, mahali patulivu. Wiki ya nne mazungumzo ya kawaida nyumbani, bila kuita mtu wa chumba cha pili. Simu ziwe fupi, maana wengi wetu tukishika simu tunaongea kama tunamwita mtu ng'ambo ya mto. Kupaza sauti ufukweni ni baada ya wiki ya sita, na baada ya kamera kuonyesha pamepona.

Ninachokuogopea ni siku ya 10 au ya 12 hivi. Kinyama hakipo, nyuzi zinafunga vizuri, kwa hiyo sauti inaweza kutoka safi kuliko ulivyoisikia mwaka mzima. Watu watakupongeza, nawe utajiona umepona. Usafi huo unatokana na kinyama kuondoka, haukuambii chochote kuhusu ugumu wa ngozi mpya. Hapo ndipo watu wengi wanarudi kazini na kurudi kwetu.

Kwa hiyo usiamini sauti ya kuongea. Kila asubuhi kabla hujamsalimia mtu, toa "uuu" ndogo sana, kama mtoto amelala pembeni, uipandishe taratibu juu. Itafika mahali inakatika au inabaki hewa tupu. Kumbuka mahali hapo. Kesho yake ikifika pale pale au juu zaidi, endelea na mpango. Ikikatikia chini zaidi, pamevimba, rudi hatua moja nyuma siku hiyo. Mara moja tu kwa siku, na lazima iwe ndogo. Sauti kubwa inauficha uvimbe kwa sababu msukumo wa hewa unalazimisha nyuzi zitetemeke.

Mwl_Masasi

Hii ya asubuhi sikufundishwa. Leo nimejaribu, yangu imekatika mapema sana na jana nilikuwa na vipindi sita. Nina wasiwasi.

Binti_Newala

Mwalimu, jaribu tena Jumapili baada ya kupumzika. Ikipanda, basi ni uchovu wa vipindi. Isipopanda wiki mbili mfululizo, kaangaliwe tena.

Boda_Ligula

Sasa kwa hesabu hiyo giza linakuja yuko siku ya ishirini na kitu. Si anakosa?

Binti_Newala

Giza hili anakosa kunadi, ndiyo. Anaweza kuwepo. Asimame na kijana wake, yeye aonyeshe bei kwa vidole, kijana apaze. Giza linalofuata litakuwa wiki ya saba, hapo tuzungumze baada ya kamera. Na hata kuwepo kwenyewe, asimame mbali na wanaokaanga samaki, ule moshi wa mafuta na kuni ni sumu kwa kidonda kile. Upepo wa kusi unakuja na vumbi lake pia.

Dalali_Mikindani

Vidole wanunuzi wa Mikindani wanavijua, hilo si tatizo. Tatizo ni mgao. Nikisimama bubu, kijana atataka nusu. Halafu nina mikorosho Nanguruwe, wiki hii inapigwa salfa.

Kungwi_wa_Chuno

Salfa usiende! Hata mzima anakohoa siku mbili. Hilo binti hahitaji kukuambia.

Binti_Newala

Mama kamaliza.

Dalali_Mikindani

Wakuu narudi. Imepita wiki ya tatu, giza limekuja. Majibu ya maabara yametoka, hakuna kitu kibaya, nashukuru Mungu. Ulimi ganzi imeisha, chai ni chai.

Nilifuata dakika. "Uuu" ya asubuhi ilikuwa inapanda vizuri kila siku. Halafu nyumba nzima ikaingia mafua, na mimi nikapata kikohozi cha usiku. Juzi uuu ikakatika chini kabisa, karibu na sauti yangu ya kuongea. Jana vivyo hivyo. Kuongea kwenyewe watu hawaoni tofauti. Nimeharibu kidonda?

Binti_Newala

Hilo ndilo kosa la mafua, si lako. Uvimbe wa kikohozi na uvimbe wa kuongea kupita kiasi unausikia sawasawa kwenye ile uuu. Kinachoutofautisha ni muda. Rudi dakika 5 kwa saa mpaka kikohozi kikate, kunywa maji, inua kichwa unapolala. Kikohozi kizito mtafute daktari wa hapo hapo Mtwara akutibu, usimeze dawa za dukani bila mpango. Uuu ikianza kupanda tena ndani ya siku nne au tano baada ya kikohozi kuisha, ulikuwa uvimbe tu. Isipopanda, au sauti ikakatika ghafla yote kwa mara moja, usisubiri wiki ya sita. Mshipa unaweza kuwa umevuja damu, na huo unataka kimya kabisa na kamera mapema.

Na chakula cha usiku unakula saa ngapi?

Dalali_Mikindani

Saa nne usiku, ugali, kisha nalala kwa sababu saa tisa naamka kuwahi mashua.

Binti_Newala

Sogeza mpaka saa moja au mbili. Ukilala na tumbo lililojaa, tindikali inapanda mpaka kooni na kuunguza pale pale tunapopauguza. Daktari alikupa vidonge vya tumbo?

Dalali_Mikindani

Alinipa, vya kunywa kabla ya kula asubuhi. Nilidhani ni vya vidonda vya tumbo, nikashangaa maana sina. Nimeelewa sasa.

Mwl_Masasi

Dalali, mimi nimenunua kipaza sauti cha kuvaa kiunoni, kama kile cha waongoza watalii. Darasa zima linasikia naongea kama niko mezani. Wewe nunua spika ya kushika mkononi.

Dalali_Mikindani

Nimeijaribisha kwa kijana giza hili. Wavuvi wamecheka, wanasema anasikika kama muuza dawa ya panya. Mmoja amegoma kabisa, eti dalali wa spika anaficha bei anayoisikia pembeni. Wanunuzi wa mbali ndio wameipenda.

Boda_Ligula

Bei ilipanda au ilishuka?

Dalali_Mikindani

Haikusogea. Dagaa walikuwa wengi, hata malaika angenadi isingepanda.

Binti_Newala

Spika ina mtego wake. Mtu anaishika na bado anapiga kelele ndani yake. Siku ukianza kuitumia, ongea nayo kama unaongea na mimi, uiache ifanye kazi. Na kule kliniki uliza kama wana ile kamera yenye taa ya kumetameta. Inaonyesha ukingo wa uzi unavyotikisika taratibu, siyo tu kama kidonda kimefunga. Haipo kila mahali, lakini kwa kazi yako ndiyo inayoweza kusema kama pale palipokatwa pamelainika au pamekuwa na kovu.

Kungwi_wa_Chuno

Na wiki ya sita ni siku ngapi? Hesabuni wenyewe. Arobaini na mbili.

Binti_Newala

Mama, wewe ulisema kimya arobaini. Mimi nimesema asipige kelele arobaini. Tofauti ni hizo dakika tano.

Dalali_Mikindani

Nyinyi wawili mtanivunja mbavu na kucheka bado sijaruhusiwa. Kikohozi leo kimepungua, uuu imepanda kidogo, haijafika ilipokuwa. Nakaa kwenye dakika tano. Kijana tumekubaliana theluthi mpaka nirudi kutoka Dar, wavuvi wa Feri wameridhia spika, wa Mikindani bado tunazungumza. Yaani wao wanazungumza, mimi naandika.